Nyongeza ya Saa Kumi

Mimi nauza mirungi, tena siombi radhi kwa mtu. Miaka kumi na tisa niko kwenye meza ile ile, chini ya bati lile lile, na wateja wananiita Mama Mbichi kwa sababu jani la jana kwangu halikai mezani. Jani hili nguvu yake ni ubichi. Likichumwa leo, kesho kutwa umebaki na kuni. Ndiyo maana tunalifunga kwenye majani ya mgomba na kulifunika gunia lenye maji, na gari likichelewa namtukana dereva mpaka abiria wake wanashuka wote.

Gari lilikuwa linafika saa tisa na nusu. Kufikia saa kumi wateja wameshachukua vyao, na wale sugu hawaendi mbali, wanaingia mlango wa pili kwa mdogo wangu. Mdogo wangu ni fundi saa. Watu wote wanamwita Kasorobo, kwa sababu ukimwuliza saa ngapi, hata iwe saa kamili, yeye atakwambia kasorobo. Anasema mtu akijua amebakiwa na dakika kumi na tano hachelewi. Yeye mwenyewe alikuwa anachelewa kila mahali.

Jamani, mchana ule nitaupata wapi tena! Kibanda chake kilikuwa na saa za ukutani pande zote, na juu ya mlango wa ndani kulikuwa na saa ya marehemu mama, ya mbao, yenye kengele. Benchi moja, wanaume watano, mashavu yamejaa, na Kasorobo katikati, kioo cha kukuza jichoni na kibano mkononi, anaongea. Wee! Mirungi ikimpanda mdogo wangu alikuwa na maneno. Alikuwa anaeleza jinsi atakavyofungua duka la saa lenye ghorofa, kila mteja na kiti chake. Alikuwa anaiga sauti ya kila mtu mtaani, pamoja na yangu nikimtukana dereva. Mimi niko mezani kwangu, ukuta tu unatutenganisha, nacheka mpaka nashika mbavu. Tulipokuwa wadogo alikuwa hasemi kabisa, mama alidhani ni bubu. Sasa fikiria raha niliyokuwa naipata nikimsikia.

Ndiyo maana nilikuwa nampa nyongeza. Kwetu sisi wauzaji, mteja wa kudumu lazima umwongezee, mkono mmoja juu ya bunda lake, hiyo ndiyo nyongeza, na wala haihesabiwi. Mteja hahesabu, muuzaji hahesabu. Nyongeza ya Kasorobo ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Halafu nilikuwa namfichia vijiti vichache chini ya gunia, vya kumwamshia asubuhi, maana aliniambia bila hivyo mikono haishiki kibano. Nilijiona dada mwema sana.

Mambo yalianza kuharibika taratibu, na mimi macho ninayo lakini sikutaka kuona. Kwanza alikonda. Ukimpelekea chakula anakigeuza geuza tu, mirungi inaua njaa, hilo kila mtu analijua. Kisha vicheko vya saa kumi vikawa vinaisha mapema. Ikifika saa nne usiku stimu imeshuka, anakaa amenuna, moyo unamwenda mbio, neno dogo anawaka. Usiku hapati usingizi. Nikimwuliza asubuhi, "Ulilala?" ananijibu, "Kidogo." Wale wenzake wa benchi wakaanza kupungua, maana maneno yake yalibadilika. Ghorofa ya saa ikasahaulika, ikawa ni fulani amenitazama vibaya, fulani ametumwa.

"Ametumwa na nani?" nikamwuliza siku moja.

"Dada, ongea polepole," akasema. "Zinasikiliza."

"Nini zinasikiliza?"

Akanionyesha ukutani. Saa.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikadhani ni mizaha yake.

Wiki ile ile, Jumanne asubuhi, nikafika nikakuta mlango wake wazi na watu wamejazana nje. Kasorobo alikuwa sakafuni, shati limelowa jasho, na mbele yake kopo la maziwa ya unga limejaa mishale ya saa. Aliing'oa yote. Saa za ukutani, saa za mkononi, za wateja, za kwake, hata ya mama. Nyuso tupu zimetukodolea macho, namba zipo, mishale hakuna. Zilikuwa bado zinatembea, tik tik tik, lakini hazisemi kitu.

"Sasa hawatajua niko wapi saa hizi," akaniambia. Akashika kibano akakielekeza kwangu. "Na wewe ndiye uliyewaambia. Unaniwekea dawa yao kwenye majani."

Sikiliza, nimetukanwa na wanaume wa kila aina kwenye meza ile na sikuwahi kulia. Siku hiyo nililia mbele ya watu. Mama alipokuwa anakata roho maneno aliyoniachia yalikuwa matatu tu: mtazame mdogo wako. Nikaona huyu ananiponyoka, anakwenda alikokwenda mjomba wetu, aliyefungiwa chumba cha uani akiongea na ukuta mpaka alipozikwa. Hilo ndilo lilinitia hofu kuliko kibano.

Tulimfikisha hospitali, wodi ya wagonjwa wa akili, mimi na jirani mmoja mwenye gari. Pale mapokezi kijana wa faili akauliza haraka haraka, bila kuinua kichwa, "Anatumia dawa za kulevya?"

"Hapana," nikajibu.

Sikusema uongo, kwa hesabu yangu. Mirungi ni majani, tunauza mchana kweupe. Lakini moyoni nilijua kijana yule anauliza nini, na nilijua jibu langu linamlinda nani. Halikuwa linamlinda Kasorobo.

Wakamlaza. Wakampa dawa ya kumtuliza, akalala siku mbili karibu mfululizo, anaamka kunywa uji na kupiga kelele kwa ndoto mbaya, kisha analala tena. Siku ya nne nikamkuta amekaa kitandani, amenyolewa ndevu, mtulivu kidogo. Pembeni amekaa nesi mmoja, mama wa makamo, viatu vya mpira, miwani imefungwa kwa uzi. Nikajiandaa kupigwa mahubiri. Kasorobo alishakwenda kituo cha afya mwaka mmoja nyuma kwa ajili ya tumbo, daktari akamwambia acha hayo majani machafu yatakuua, na yeye akatoka pale moja kwa moja hadi kwangu kuchukua bunda.

Yule nesi akamgeukia kwanza. "Fundi, dada yako amekuja. Unataka akae tukiongea, au atusubiri nje?"

Mdogo wangu akanitazama. "Akae," akasema. "Lakini pale mbali."

Nikakaa pale mbali.

"Umeniambia jana unatafuna mirungi," nesi akasema. "Mimi sijawahi. Hebu nielezee, raha yake ni ipi?"

Mimi na Kasorobo tukatazamana, mara ya kwanza tangu Jumanne. Nani anauliza hivyo hospitalini? Lakini mama wa watu alikuwa anasubiri jibu kwa dhati, kalamu ameiweka chini. Basi mdogo wangu akaanza. Akasimulia saa kumi, benchi, kinywa kikavu na maji baridi, jinsi mikono inavyokuwa myepesi na skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga anaikamata mara moja. Jinsi maneno yanavyokuja yenyewe. "Mimi si msemaji, Nesi," akasema. "Nikiwa mkavu, bila jani, watu wananisahau humo humo chumbani." Sikuwahi kujua kwamba ndilo alilokuwa analitafuta.

"Nimeelewa," nesi akasema. "Kwa hiyo imekupa kazi nzuri na marafiki. Na upande wa pili je, kuna usilolipenda?"

"Jioni," akasema. "Jioni ni mbaya." Kisha, "Sina usingizi."

Nesi akachukua karatasi akachora duara, akaweka namba, akagawa masaa ishirini na manne. "Nisaidie tujaze. Siku ya kawaida, mwezi uliopita. Unatafuna wapi, unakula wapi, unalala wapi."

Kasorobo akaitazama ile karatasi, na nikaona uso wake wa zamani unarudi. Ule wa fundi aliyeletewa saa iliyochokonolewa na mtu asiyejua.

"Hii nini, Nesi?"

"Saa."

"Hii siyo saa, hii chapati. Saa ina kumi na mbili, mishale inazunguka mara mbili. Nipe hiyo kalamu."

Nesi akampa. Mdogo wangu akageuza karatasi, akachora maduara mawili safi kwa mkono mtupu, moja la mchana, moja la usiku. Akaanza kujaza. Saa kumi jioni hadi saa tatu usiku akatia weusi, kutafuna. Kwenye duara la usiku akatia mistari ya kulala: saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akasimama hapo. Akatafuta nafasi nyingine ya usingizi, hakuna.

"Saa moja na nusu," akasema polepole.

"Kwa muda gani sasa?" nesi akauliza.

"Miezi. Nilikuwa nadhani nalala." Akaendelea kuitazama. Mtu unaweza kumwambia hivyo mara mia asikubali, lakini saa aliichora mwenyewe, na saa yeye haibishii.

"Na kwa siku ni kiasi gani?"

"Bunda moja," akajibu.

Moja! Hakuna mtafunaji duniani atakayekwambia zaidi ya moja. Nami pale mbali nilipokaa, jasho likanitoka. Nikinyamaza, hesabu itabaki moja, watamtibu kama mtu wa bunda moja, na mimi nitabaki dada mwema. Nikaiona ile nyongeza, mkono wangu mwenyewe ukiiweka.

"Si moja!" nikapaza sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akaamka. "Mimi ndiye muuzaji, Nesi. Ni moja na nusu, maana namwongezea. Halafu vya asubuhi namfichia mimi. Mtilie weusi na saa mbili asubuhi. Na pale mapokezi niliulizwa nikasema hapana."

Nikamsubiri anitazame kwa chuki. Badala yake Kasorobo akainamisha kichwa. "Na mabunda mawili ya kona ya pili," akasema.

"Kona ipi?"

"Kwa yule wa mwavuli."

"Kwa yule wa mwavuli!" Nikasimama. Akili ilishanitoka. "Yule anauza majani ya juzi, ananyunyizia maji! Unatoka kwangu, damu yako, unakwenda kununua takataka kwa yule?"

Nesi akaanza kucheka. Akajaribu kujizuia, miwani ikamwanguka kwenye uzi wake. Na mdogo wangu akacheka, jamani. Kicheko kidogo, kikavu, bila jani mdomoni. Nikakaa chini nikajifuta machozi na ncha ya khanga.

"Ahsanteni wote wawili," nesi akasema. "Hili ndilo nililokuwa nalihitaji, wala simlaumu mtu. Kuna kitu unakunywa ili ulale?"

Kumbe kulikuwa na vidonge vya usingizi vya dukani, viwili kila usiku, kwa miezi mitano. Sikujua. Nesi akasema hivyo havikatwi ghafla, vitapunguzwa taratibu na daktari, na ndiyo maana ni vizuri amesema. Kisha akauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua akili, nikamtaja mjomba.

"Basi nitawaambia ninavyoona," akasema. "Mkinikatalia, nikatalieni. Wengi wanatafuna na hawafiki hapa. Lakini mtu akitafuna mengi, kila siku, usingizi hakuna, akili inaweza kuanza kumwonyesha maadui. Na kama ukoo una udhaifu huo, hatari inazidi. Habari njema ni kwamba kwa wengi, wakiacha na wakalala, inaondoka kwa siku au wiki chache. Isipoondoka, tutatafuta sababu nyingine. Habari mbaya ni kwamba akirudia, inaweza kurudi upesi. Mtu mwingine ningeweza kumwambia apunguze. Fundi, wewe ningependa uache kabisa. Mwenyewe unaonaje?"

"Nikiacha, nitakuwa bubu," Kasorobo akasema.

"Inawezekana kwa muda. Utachoka, utanuna, utaiota. Saa ngapi itakuwa ngumu kuliko zote?"

Hakufikiri hata kidogo. Akaweka ncha ya kalamu kwenye saa kumi.

Wakapanga pale pale, yeye na nesi, mimi nasikiliza. Atafungua kibanda asubuhi na mapema, atafunga saa tisa kabla gari halijafika, atapita njia isiyo na mwavuli. Mimi nikaulizwa naweza nini. Nikasema naweza kuacha nyongeza. Nilidhani ni jambo dogo.

Alitoka siku ya kumi na moja. Saa zile zilikuwa zimeshamwacha, hazisikilizi tena, ingawa alizitazama kwa wasiwasi mara ya kwanza alipoingia. Alikaa chini na kopo lake la mishale akaanza kurudisha mmoja mmoja, akiwaomba wateja msamaha. Ilimchukua wiki tatu. Saa ya mama ilibaki peke yake, mishale yake haikuonekana kwenye kopo wala sakafuni, ikaning'inia pale na uso mtupu.

Naye alikuwa bubu kweli. "Kasorobo, hujambo?" "Sijambo." Basi. Saa tisa anafunga kitasa, anaondoka, gari linafika. Saa kumi wateja wangu wanachukua vyao wanakwenda kwingine, na ng'ambo ya ukuta kimya. Sitakudanganya: nilikuwa namtamani yule wa zamani. Mzima wa afya ninaye, anakula, amenenepa mashavu kwa haki, kila kliniki anapeleka karatasi yake ya maduara mawili na usingizi umefika masaa saba. Na mimi nakaa mezani namlilia mgonjwa.

Mwezi wa nne tangu atoke, siku ya mvua, saa kumi kamili, nikainua macho nikamwona amesimama mbele ya meza. Amelowa.

"Dada," akasema. "Leo sinunui. Nyongeza tu. Vijiti viwili, tukae tuongee kama zamani. Na wewe umeikosa, najua."

Alikuwa anajua wapi pa kunigusa. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia chini ya gunia, nakuapia, wenyewe, na vidole vimeshashika vijiti. Nilisikia kicheko chake cha zamani masikioni kabla hajacheka. Mvua inapiga bati, benchi lipo, ingekuwa mchana mmoja tu. Kisha nikakumbuka nyuso zile tupu za saa.

"Toka hapa!" nikafoka. "Toka! Usinisogelee meza yangu! Ukirudi saa hizi nitakumwagia maji ya gunia hili!" Nikatupa hata kopo la kunyunyizia. Watu wakageuka. Mdogo wangu akageuka akaenda zake kwenye mvua. Nami nikafunga biashara kabla ya wakati, kitu ambacho sijawahi kukifanya, nikalia njia nzima.

Nilijua nimempoteza. Anakwenda kwa mwavuli, nilijisemea. Sikupata usingizi mimi sasa.

Asubuhi nikafika nikakuta kitu kimetundikwa kwenye nguzo ya meza yangu, juu ya gunia. Saa ya mama. Ilikuwa na mishale, amekata mwenyewe kwa bati la kopo la maziwa ya unga, mirefu kidogo kuliko ya kwanza, nyuma yake bado kuna rangi ya njano ya maandishi. Ilikuwa inatembea. Yeye alikuwa mlangoni kwake, kioo jichoni, hanitazami.

"Hukwenda kwa mwavuli?" nikamwuliza.

"Nilikwenda kulala." Akakaza skrubu. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu atoke wodini. "Dada, ulivyonifukuza jana, nifukuze hivyo hivyo kila siku. Usingoje saa kumi. Saa tisa kasorobo anza."

Basi ndiyo kazi yangu sasa. Mirungi bado nauza, sijifanyi malaika, ila nyongeza kwangu hakuna, na mteja akiwa na macho mekundu namwuliza amelala saa ngapi, na wapo niliowarudisha nyumbani mikono mitupu. Saa ya mama ikifika saa tisa kasorobo napiga kelele mtaa mzima unasikia: "Kasorobo! Bado uko hapo? Funga uondoke, mvivu wewe!" Anafunga kitasa, anapita mbele ya meza akitabasamu, anainua mkono. Namtazama mpaka anapotea kwenye kona. Halafu gari linafika, wateja wanakuja, na ng'ambo ya ukuta hakuna anayecheka.